Niliombwa wadhamini watatu, nilikuwa na mmoja na nusu

Kuna swali naulizwa sana na watu wanaotafuta kazi: fomu inataka wadhamini watatu, mimi ninao wawili, au ninaye mmoja tu, nifanyeje? Na wengi wakishauliza wanakuwa tayari na jibu lao mfukoni, yaani wamweke binamu ajifanye alikuwa bosi. Mi nilipita hapohapo nikaamua kusema ukweli, na kusema ukweli kwenyewe kuna namna yake, ndo nataka niieleze hapa.

Kazi niliyoomba ilikuwa ya kusimamia ghala. Usaili wa pili ulipoisha vizuri yule dada wa ajira akanitumia imeili fupi, anaomba wadhamini watatu, wawe walionisimamia moja kwa moja, na kwa pamoja wagusie miaka mitano ya karibuni. Nikaanza kujikagua.

Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kampuni ndogo, mwenye mali ndo alikuwa bosi ndo mhasibu ndo kila kitu. Kampuni ilifungwa, simu yake haipatikani, na hata ningempata ni zamani mno, nje ya hiyo miaka mitano. Kazi ya pili nilikaa muda mrefu na nilisimamiwa na watu wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza mama mmoja meneja wa operesheni, tulielewana sana, yeye alishahama yuko kampuni nyingine. Wa pili alikuja baada yake, bado yupo palepale, na kampuni ile ina utaratibu kwamba mfanyakazi haruhusiwi kumdhamini mtu, kila anayeulizia anapelekwa ofisi ya rasilimali watu nao wanathibitisha tarehe za kuanza na kuacha kazi pamoja na cheo, basi, neno lingine hawasemi. Halafu kazi ya tatu ndo niliyokuwa nayo wakati huo, na bosi wangu hakujua kama natafuta pengine.

Kwa hiyo ukihesabu kwa haki nilikuwa na mtu mmoja anayeweza kupokea simu leo akanieleza, yule mama. Na nusu, maana barua ya tarehe na cheo ni kitu lakini haisemi kama unafika kazini kwa wakati.

Kabla sijaandika chochote nilimpigia rafiki yangu ambaye amefanya kazi za kuajiri miaka mingi, nikamuuliza, hii tatu inatoka wapi? Akacheka. Akasema sehemu nyingi imo tu kwenye fomu, mtu aliandika zamani na haijaguswa. Wanachotafuta wao hasa ni vitu vichache: ulikuwepo kweli pale unaposema, ulikuwa na cheo unachosema, uliondokaje, na aliyekusimamia angekuchukua tena au la. Tatu wanaomba kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa rafiki yako, na kwa sababu siku zote kuna mmoja hapokei simu. Ukishaelewa hivyo unaona kumbe mazungumzo na rikruta, yaani mtu wa ajira kama yule dada, hayahusu namba, yanahusu vile vitu wanavyovitafuta, kipi utakifunika na kipi kitabaki wazi.

Akaniambia jambo lingine ambalo mi nisingelifikiria. Yule dada wa ajira mara nyingi sio mwenye uamuzi. Ana faili, na faili lina masanduku matatu ya kujaza, na kama sanduku moja litabaki tupu lazima aandike sababu ambayo bosi wake au meneja atakayekuajiri akiisoma ataikubali bila kuuliza maswali. Sasa wewe ukimwambia tu "samahani dada sina wa tatu" umemwachia kazi ya kutunga sababu, na mtu mwenye faili ishirini mezani hatungi, anakuweka pembeni kwanza. Mwandikie sababu ambayo anaweza kuikopi kama ilivyo akaibandika kwenye faili.

Nikaamua nimwambie mapema, palepale alipoomba, kabla hajanitumia ile linki ya kujaza. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Ukisema mwanzoni wewe ni mtu anayetoa taarifa, ukisema baada ya kukumbushwa mara ya pili au ya tatu unakuwa mtu aliyebanwa, maneno ni yaleyale ila yanasomeka tofauti kabisa. Na zile fomu za mtandaoni nyingi hazikubali kwenda mbele mpaka majina matatu yajae, hapo ndo watu wengi wanapojikuta wameandika jina la mtu ili kibonyezo kifanye kazi. Lakini upande wa rikruta namba ile mara nyingi inaweza kubadilishwa, anaweka mmoja au wawili, linki inakuja mpya. Ila mpaka ajue.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa ndefu, nilieleza habari ya kampuni kufungwa, ya mwenye mali, ya nani alihama lini. Rafiki yangu akaikata karibu yote. Akasema maelezo yakizidi yananuka woga. Tukabaki na hii:

"Habari dada, asante kwa taarifa. Kwa sasa naweza kukupa mdhamini mmoja aliyenisimamia moja kwa moja, meneja wa operesheni wa kampuni niliyotoka, ameshahama hapo na yuko tayari kuongea kwa simu wiki hii. Kampuni hiyo yenyewe hairuhusu wasimamizi kudhamini mtu, ila ofisi ya rasilimali watu itathibitisha tarehe na cheo changu kwa maandishi. Bosi wangu wa sasa hajui kama nimeomba kazi, naomba asiguswe mpaka kuwe na ofa ya maandishi, baada ya hapo nitakupa namba yake mwenyewe. Wa tatu wa kiwango mnachotaka sina. Naomba kujua kama hii inatosha au kuna kitu kingine mnahitaji kuhusu kipindi fulani cha kazi yangu."

Iangalie vizuri. Hakuna "kwa bahati mbaya" hata moja, hakuna kuomba radhi, kwa sababu kutokuwa na watu watatu sio kosa. Kila mtu ametajwa na uhusiano wake halisi na mimi. Na ile sentensi "wa tatu wa kiwango mnachotaka sina" niliipigania, rafiki yangu alitaka tuitoe akisema inajulikana tu, mi nikaona bila hiyo mtu atasoma akadhani wa tatu anakuja baadaye, atakaa anamsubiri, na siku akigundua hakuna itaonekana nilimzungusha.

Swali la mwisho nalo lina kazi yake. Ukiuliza "inatosha?" peke yake unapata ndio au hapana. Ukiuliza kuhusu kipindi fulani unampa nafasi ya kukwambia shida yake halisi ni nini, na mara nyingi shida yake ni ndogo kuliko ulivyoogopa.

Basi akapiga simu badala ya kujibu imeili. Mpole tu. Akasema kaka nimekuelewa, bosi wa sasa tunamwacha mpaka mwisho, hilo ni la kawaida, wengi hamtaki aguswe. Halafu akauliza swali ambalo nilijua litakuja: "Huyu aliyekusimamia miaka ya mwisho pale, aliyekuja baada ya mama, yeye ni huo utaratibu wa kampuni tu unamzuia au kuna kingine?"

Hapa ndo pagumu kuliko pote na watu hawapaongelei. Ukweli ni kwamba mimi na yule meneja wa pili hatukuachana vizuri. Tulibishana kuhusu hesabu ya stoo, yeye alitaka upungufu uandikwe kama bidhaa zilizoharibika, mi nikakataa kusaini, na tangu hapo hatukuongea vizuri mpaka naondoka. Kwa hiyo utaratibu wa kampuni unamzuia kweli, ila hata usingemzuia nisingepeleka jina lake. Ningeweza kujificha nyuma ya utaratibu, ni ukweli, hakuna anayeweza kunishika. Lakini swali lilikuwa "au kuna kingine?" na kingine kilikuwepo, ukijibu hapana hapo umedanganya moja kwa moja, tena kwenye dunia ya kazi ambayo watu wa ghala wanajuana na simu moja isiyo rasmi inaweza kupigwa jioni hiyohiyo.

Nikamjibu hivi: "Utaratibu unamzuia, hilo utalithibitisha ukiwapigia. Lakini nikuambie pia kwamba mwishoni tulitofautiana naye kuhusu namna ya kuandika upungufu wa stoo, kwa hiyo hata bila utaratibu huo nisingemchagua. Niliacha mwenyewe, nilitoa notisi kamili, na barua ya kuacha kazi ninayo." Nikanyamaza. Sikusema nani alikuwa na haki. Sikusema alitaka kufanya nini. Kunyamaza huko kulinigharimu jamani, ulimi ulikuwa unawasha, lakini ukianza kumsema bosi wa zamani kwa mtu wa ajira, yeye hana njia ya kujua nani mkweli, anachobaki nacho ni kwamba wewe ni mtu wa kusema mabosi. Mpe tofauti ilikuwa kuhusu nini kwa maneno machache, uliondokaje, na karatasi gani inathibitisha. Akitaka zaidi atauliza.

Akauliza moja tu, kama ule mgogoro ulifika kwenye onyo la maandishi. Nikasema hapana. Kama lingekuwepo ningesema lipo na la nini, kwa sababu ofisi ya rasilimali watu ikipigiwa simu inaweza isiseme neno, lakini pia inaweza ikasema.

Kisha akaja na alichokuwa anakihitaji hasa. Tarehe barua itamaliza. Tabia na kazi mama atamaliza. Kilichobaki wazi ni ile miaka ya mwisho pale, baada ya mama kuhama, hakuna mtu anayeisemea. Akauliza, kuna yeyote aliyekuona ukifanya kazi kipindi kile, hata kama hakuwa bosi wako? Nikafikiri, nikakumbuka mkaguzi wa nje aliyekuwa anakuja kuhesabu stoo kila robo mwaka, tulikuwa tunahesabu naye rafu kwa rafu. Sio msimamizi wangu, hajui kama naelewana na vijana wangu, hajui nikiudhika nakuwaje. Lakini anajua vitabu vyangu vilikuwaje. Nikamwambia rikruta kabisa, huyu ni mtu wa nje, atakusemea usahihi wa hesabu, mengine usimuulize kwa sababu hajui. Akafurahi kuliko nilivyotegemea. Mkaguzi mwenyewe ilibidi aombe ruhusa kwanza kwenye ofisi yake, wakamruhusu aseme kwa ufupi tu.

Hapo nikaona watu wanavyokosea kuziba nafasi. Mwenzetu wa kazini unaweza kumtaja, mteja unaweza kumtaja, lakini mtaje kwa jina lake la kweli la uhusiano. Mwenzio ukimwita msimamizi, umeharibu hata wale wawili wa kweli ulionao. Kuna jamaa nilifanya naye kazi alimweka rafiki yake kama bosi wa zamani, na imeili ya bure ya kutengeneza siku hiyohiyo. Waliomhoji hawakusema kitu, walimuuliza tu yule "bosi" idara ilikuwa na watu wangapi na yeye mwenyewe alikuwa anaripoti kwa nani, akaanza kukohoa. Ofa ikarudi ilikotoka. Na zile fomu za mtandaoni baadhi yake zinaonyesha kama majibu ya mdhamini yametoka kwenye intaneti ileile aliyotumia muombaji, kwa hiyo ukikaa na rafiki yako sebuleni mnajaza pamoja, upande wa pili kuna alama nyekundu inawaka.

Sasa kuhusu mama. Ukiwa na mdhamini mmoja tu, mzigo wake sio wa kawaida, na yeye lazima ajue. Nilimpigia nikamwambia mama, safari hii uko peke yako, mkaguzi atasema mambo ya hesabu tu, kwa hiyo wanaweza kukuweka kwenye simu muda mrefu na wanaweza kukuuliza kwa nini hakuna mwingine. Nikamweleza nilichomwambia rikruta, pamoja na ile habari ya meneja wa pili, sio ili aje aseme nilivyosema mimi, ni ili asishtuke. Akaniuliza, "Na mimi wakiniuliza udhaifu wako je?" Nikamwambia sema unaoujua mama. Akasema basi nitawaambia unachelewa kugawa kazi, unataka ufanye mwenyewe. Nikasema sawa, ni kweli.

Na kweli walimuuliza. Baadaye aliniambia walikaa kama nusu saa, na ile swali ya kwa nini hakuna mwingine aliulizwa karibu na mwisho, kwa upole, kama kitu kilichokumbukwa tu. Alijibu anachojua, kwamba yeye alihama kabla hayo hayajatokea na kwamba kampuni ile haitoi wadhamini. Ndo maana nasema mjulishe mtu wako. Asingejua angeweza kusema "mbona wapo wengi tu pale, kwani hakuwataja?" kwa nia njema kabisa, na hapo stori yako ya kweli inageuka kuonekana ya uongo.

Kilichobaki kilikuwa bosi wa sasa, na hapa nawaomba msome polepole. Walinitumia ofa ya masharti, yaani kazi ni yako ikiwa mdhamini wa mwisho ataridhisha. Mtu ukipata karatasi hiyo mkono unawasha kuandika barua ya kuacha kazi. Subiri. Ukimwambia bosi unaondoka, halafu akaongea vibaya kwa hasira au akakaa kimya wiki tatu, na ofa ina masharti, unaweza kukosa huku na huku. Kabla sijampa rikruta namba nilimuuliza kwa imeili mambo mawili. Kwanza, bosi asipojibu kabisa itakuwaje, ofa inaanguka au mnakubali uthibitisho wa tarehe kutoka kwa rasilimali watu? Pili, ni mambo gani mtakayomuuliza? Akajibu kwamba asipojibu ndani ya siku kumi za kazi watakubali barua ya tarehe na cheo, na wataniangalia kwenye kipindi cha majaribio. Jibu hilo nikalihifadhi. Kampuni nyingine wasingekubali, na kazi nyingine rikruta hana hata uwezo wa kukubali, hasa zile za watoto, za afya na za fedha ambako mara nyingi kanuni yenyewe inataka kila mwajiri wa miaka fulani aulizwe. Huko omba wakuambie kanuni inataka nini hasa, maana mara nyingi inataka miaka ifunikwe, haijali ni watu wangapi.

Baada ya jibu hilo ndo nikaenda kwa bosi, ana kwa ana, asubuhi kabla watu hawajajaa. Nikamwambia bosi nimepata ofa, sijasaini kuacha kazi bado, watakupigia kuuliza kuhusu mimi, naomba uwajibu unavyoona. Hakufurahi. Akauliza kwa nini hukuniambia mapema, nikamjibu kwa sababu sikuwa na uhakika wa kupata. Akanyamaza kidogo, akasema watapiga lini.

Walipiga siku ya nne. Alijibu maswali yao kwa ufupi, tarehe, cheo, sababu ya kuondoka, na kwenye lile la kunichukua tena alisema ndio. Nadhani alisema hivyo bila raha, lakini kwenye sanduku la fomu ndio ni ndio. Masharti yakaondolewa kwa maandishi, na siku hiyo ndo nikapeleka notisi.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa tayari ndani, nilipata nafasi ya kuona faili langu kwa sababu nyingine. Kwenye sanduku la tatu, la mdhamini wa tatu, yule dada aliandika mistari miwili: kampuni hairuhusu wasimamizi kudhamini, imethibitishwa kwa simu, muombaji alieleza mwenyewe tofauti na msimamizi wa mwisho, kipindi kimesemewa na mkaguzi wa nje. Karibu maneno niliyomwambia mimi.